Saiti za IPv4 hazifunguki kwenye mtandao wa IPv6 tupu: kutafuta tatizo kwenye NAT64 na DNS64

Malalamiko ya mtandao wa IPv6 tupu karibu yote yanakuja hivi: "saiti fulani haifunguki kwangu, lakini kwa mwenzangu inafunguka." Ukiuliza mwenzake yuko wapi utakuta yuko kwenye mtandao wenye IPv4 na IPv6 zote mbili. Hapo ndo pa kuanzia, maana IPv4 inaficha makosa mengi sana ya watu wengine, na ukiitoa kwenye kifaa yale makosa yote yanakuangukia wewe mwenye NAT64 hata kama mashine yako haina kosa lolote.

Tukumbushane kwanza pakiti inavyotembea, kwa sababu bila hii utakuwa unabahatisha tu. Chukua saiti tuiite malipo.example, ina rekodi ya A tu, yaani ya anwani ya IPv4, 198.51.100.10, haina AAAA ambayo ndo ya IPv6. Kifaa chenye IPv6 tu kinauliza AAAA ya hilo jina. Seva ya DNS64 inaona AAAA hamna, inaenda kuuliza A, inaipata, alafu inaibandika mwishoni mwa prifiksi ya NAT64. Prifiksi ya kawaida ambayo imetengwa kwa kazi hii ni 64:ff9b::/96. Sasa 198 kwa heksa ni c6, 51 ni 33, 100 ni 64, 10 ni 0a, kwa hiyo jibu linalorudi kwa kifaa ni 64:ff9b::c633:640a. Kifaa hakijui kama hiyo anwani imetengenezwa, kinatuma pakiti zake kama kawaida, ruta inazipeleka kwenye mashine ya NAT64, na ile mashine inachukua biti 32 za mwisho, inapata 198.51.100.10, inaandika pakiti mpya ya IPv4 yenye anwani yake yenyewe kama chanzo na poti iliyoichagua, inaweka kumbukumbu ili jibu likirudi ijue ni la nani.

Kwa hiyo kuna nusu mbili, nusu ya jina na nusu ya pakiti, na zinaweza kuharibika kila moja kivyake. Mara nyingi hata hazikai kwenye mashine moja. Ukianza kubadilisha setingi kabla hujajua tatizo liko nusu ipi utaharibu na ile iliyokuwa nzima, nakwambia ukweli.

Vipimo viwili kabla hujagusa kitu

Cha kwanza ni cha jina. Kuna jina maalum limewekwa kwa ajili ya hii kazi, ipv4only.arpa, ambalo lina rekodi za A mbili tu, 192.0.0.170 na 192.0.0.171, na kwa makusudi kabisa halina AAAA. Ukiuliza AAAA yake ukapata jibu, basi jibu hilo limetengenezwa na DNS64, hakuna njia nyingine.

```
dig AAAA ipv4only.arpa +short
64:ff9b::c000:aa
64:ff9b::c000:ab
```

Ukipata mistari hiyo miwili, DNS64 ipo na umeshajua na prifiksi yake. Ukipata ukimya, DNS64 haipo kwenye njia ya kifaa hicho. Ila usizipigie ping hizo anwani ukidhani unapima NAT64, maana huko 192.0.0.170 hakuna mashine inayokusubiri ikujibu.

Cha pili ni cha pakiti, na hapa unaruka DNS kabisa kwa kuandika anwani mwenyewe. IPv6 inakubali uandike ile sehemu ya mwisho kwa mtindo wa IPv4, kwa hiyo huna haja ya kukokotoa heksa:

```
ping -6 64:ff9b::8.8.8.8
```

Hii ikijibu, njia ya pakiti iko wazi angalau kwa pakiti ndogo. Neno "ndogo" lishike, tutalirudia huko chini. Na vipimo vyote viwili vifanyie kwenye kifaa cha mtumiaji anayelalamika au kwenye kifaa kilicho upande wake, usivifanyie kwenye mashine ya NAT64 yenyewe. Wanaotumia Jool, programu ya NAT64 ya Linux, hasa wakae macho hapa, kwa sababu Jool inazidaka pakiti zinapoingia kutoka nje, kwa hiyo pakiti iliyozaliwa ndani ya mashine hiyohiyo haitafsiriwi. Unaweza kupiga ping ukiwa juu ya mashine, isijibu, ukakaa usiku kucha unarekebisha kitu ambacho kinafanya kazi vizuri tu.

Dalili: hakuna saiti ya IPv4 hata moja inayofunguka, na ipv4only.arpa haijibu

Hapa kifaa hakiulizi kwenye DNS64 yako. Sababu kubwa siku hizi ni brauza kuwa na DNS yake binafsi inayopita ndani ya HTTPS, au simu yenye DNS binafsi iliyowekwa kwenye setingi, au VPN iliyokuja na risolva yake. Risolva hiyo ya nje haijui kama mtandao wako una NAT64, inajibu kwa ukweli kwamba malipo.example haina AAAA, na kifaa kinakata tamaa. Ndo maana unaweza kukuta `dig` inatoa jibu safi kwenye terminali ila brauza kwenye kompyuta hiyohiyo inagoma, kwa hiyo usiridhike na `dig` peke yake, zima ile DNS ya brauza kwa muda alafu ujaribu tena.

Kama siyo hivyo, angalia seva yenyewe. Kwenye Unbound kuna mistari miwili tu inayohusika, na watu wengi wanaweka wa pili wanasahau wa kwanza:

```
server:
    module-config: "dns64 validator iterator"
    dns64-prefix: 64:ff9b::/96
```

Bila lile neno `dns64` kwenye `module-config`, prifiksi inakaa pale kama pambo, hakuna kinachotengenezwa.

Kuna na hali ya katikati, saiti nyingine zinafunguka nyingine hazifunguki, na ukichunguza unakuta zinazogoma ni zile ambazo domeni zake zimesainiwa kwa DNSSEC. Hapo kifaa chenyewe kinahakiki saini. AAAA iliyotengenezwa haina saini ya mwenye domeni, haiwezi kuwa nayo, kwa hiyo kinaiona kama jibu la kughushi na kinaitupa, na kwa upande wake kiko sahihi kabisa. Uhakiki uufanye kwenye seva ya DNS64, kabla haijatengeneza jibu, alafu uuzime kwenye kifaa. Au kama lazima kifaa kihakiki, basi kifaa chenyewe ndo kifanye kazi ya DNS64 baada ya kuhakiki ile A.

Dalili: AAAA inakuja vizuri, lakini pakiti hazifiki

Anza kwa kulinganisha prifiksi. Ile unayoiona kwenye jibu la ipv4only.arpa lazima iwe ileile iliyoko kwenye NAT64, herufi kwa herufi. Kama DNS64 ni ya mtu mwingine, mfano risolva ya umma yenye DNS64, mara nyingi yenyewe inatumia 64:ff9b::/96, na wewe kama uliweka prifiksi yako ya ndani kwenye Jool basi vifaa vinatuma pakiti kwenye anwani ambazo mashine yako haizitambui.

Alafu angalia kama ruta inajua 64:ff9b::/96 iko wapi. Prifiksi hii haijitangazi yenyewe, lazima kuwe na ruti inayoielekeza kwenye mashine ya NAT64. Kama hakuna, pakiti inafuata ruti ya kawaida, inatoka nje kwenda kwa mtoa huduma na inafia huko. `traceroute` inaonyesha hili haraka sana, ukiona hatua zinapita ruta yako zinaendelea kwenye anwani za mtoa huduma basi umeshajua.

Kwenye mashine yenyewe, kupitisha pakiti lazima kuwashwe pande zote mbili, na hapa pana mtego ambao unachanganya watu kila siku:

```
sysctl -w net.ipv4.conf.all.forwarding=1
sysctl -w net.ipv6.conf.eth0.accept_ra=2
sysctl -w net.ipv6.conf.all.forwarding=1
```

Ule mstari wa pili ndo mtego wenyewe, na lazima utangulie ule wa tatu. Kwenye Linux ukiwasha kupitisha pakiti za IPv6, kerneli inajiona imekuwa ruta, na ruta hazisikilizi matangazo ya ruta nyingine, kwa hiyo kama mashine ilikuwa inapata ruti yake ya IPv6 kwa matangazo hayo, kerneli inaifuta ruti hiyo na hairudi. Thamani ya 2 inaiambia kerneli iendelee kusikiliza hata kama inapitisha pakiti.

Na kama tatizo ni seva za ndani tu, zile zenye anwani za 10 au 192.168, wakati za nje zinafikika vizuri, jua kwamba RFC 6052 inakataza kuzibandika anwani binafsi kwenye 64:ff9b::/96. TAYGA, programu nyingine ya NAT64, inaifuata kanuni hiyo na inakataa kuzifikia. Tumia prifiksi yako mwenyewe, ama ya kutoka kwenye anwani zako ama kutoka 64:ff9b:1::/48 ambayo RFC 8215 iliitenga kwa matumizi ya ndani. Ila kwa kweli kama seva ni yako, iwekee IPv6 tu uachane na hiyo kazi.

Dalili: saiti moja tu inagoma, zingine zote safi

Hii ndo inayokula muda kuliko zote na ndo nataka tuipitie polepole. Vipimo vyote viwili vimepita, ipv4only.arpa inajibu, ping inajibu, mamia ya saiti za IPv4 zinafunguka, ila malipo.example haifunguki, na watu wenye IPv4 wanaifungua bila shida yoyote.

Jambo la kwanza ni kutenganisha zile nusu mbili kwa saiti hii hii. Tunajua A yake ni 198.51.100.10, kwa hiyo tunailazimisha curl itumie ile anwani tuliyoikokotoa bila kuuliza DNS:

```
curl -v --resolve "malipo.example:443:[64:ff9b::c633:640a]" \
  https://malipo.example/
```

Ikaleta ukurasa, cheti kikakubalika, kila kitu. Sasa tuna uhakika nusu ya pakiti ni nzima kwa saiti hii, hatuna haja ya kugusa NAT64 wala faiwoli. Tatizo liko kwenye jina. Tunauliza:

```
dig AAAA malipo.example
;; ->>HEADER<<- opcode: QUERY, status: NXDOMAIN, id: 4127

dig A malipo.example
;; ->>HEADER<<- opcode: QUERY, status: NOERROR, id: 9310
malipo.example.   300  IN  A  198.51.100.10
```

Angalia hizo status mbili vizuri. Jina lilelile, ukiuliza A linasema lipo, ukiuliza AAAA linasema halipo kabisa. Hivi vitu viwili haviwezi kuwa kweli kwa pamoja. NXDOMAIN haina maana ya "sina rekodi ya aina hiyo", ina maana ya "jina hili halipo duniani, kwa aina yoyote ile ya rekodi". Jibu sahihi la jina ambalo lipo lakini halina AAAA ni NOERROR yenye majibu sifuri, `ANSWER: 0`.

Na DNS64 inafanya nini ikipata NXDOMAIN? RFC 6147 inasema wazi, inalirudisha hivyohivyo kwa aliyeuliza. Haiendi kutafuta A, na kwa nini iende wakati imeambiwa jina halipo? Makosa mengine kama SERVFAIL inayachukulia kama jibu tupu na inaendelea kutafuta A, lakini NXDOMAIN inaiamini. Kwa hiyo hakuna anwani inayotengenezwa, na mtumiaji anaona "saiti haipatikani".

Kabla hujamlaumu mtu hakikisha siyo risolva yako inayosema uongo. Uliza seva yenye mamlaka ya domeni hiyo moja kwa moja:

```
dig NS malipo.example +short
dig @ns1.malipo.example AAAA malipo.example +norecurse
```

Ikirudisha NXDOMAIN na yenyewe, kesi imeisha, kosa ni la kwao. Tabia hii siyo mpya, RFC 4074 iliielezea tangu 2005, na vifaa vya kugawa mzigo vinavyojibu DNS vyenyewe vimekuwa na sifa hiyo kwa muda mrefu, kifaa kinajua kujibu A tu na kikiulizwa kitu kingine kinasema jina halipo. Wenye IPv4 hawaoni kitu kwa sababu kifaa chao kinauliza A na AAAA kwa pamoja, A inajibu, maisha yanaendelea. Kwa hiyo ukiwaandikia wenye saiti usiwaambie "saiti yenu haifanyi kazi kwenye NAT64", watakujibu kwamba wao hawana NAT64 na watafunga tiketi. Waambie seva yao ya DNS inatoa NXDOMAIN kwa AAAA ya jina lenye A, na wawekee zile amri mbili za `dig` na majibu yake. Hiyo mtu wa DNS anaielewa bila maelezo mengine.

Wakati unasubiri, watumiaji wako wanataka kulipa leo. Unbound ina mstari wa kuiambia isijali AAAA ya jina fulani, iende moja kwa moja kwenye A:

```
    dns64-ignore-aaaa: "malipo.example"
```

Pakia setingi upya, alafu `unbound-control flush malipo.example` ili lile jibu baya litoke kwenye keshi, uliza AAAA tena na sasa utaona 64:ff9b::c633:640a. Andika pembeni tarehe uliyoweka huo mstari na kwa nini, maana siku wakiweka AAAA halisi wewe utakuwa bado unawapitisha watu kwenye NAT64 bila sababu.

Mstari huohuo unatibu na ndugu yake wa pili, saiti ambayo inayo AAAA ila AAAA yenyewe ni mbovu. Mtu aliweka rekodi zamani, seva ikahamishwa, A ikabadilishwa AAAA ikasahaulika. DNS64 ikiona AAAA halisi haitengenezi chochote, ndo kanuni, haina namna ya kujua kama anwani hiyo imekufa. Kwa mwenye IPv4 brauza inajaribu IPv6, ikiona kimya inahamia IPv4 ndani ya sehemu ya sekunde na mtu hata hashtuki. Mtumiaji wako wa IPv6 tupu hana pa kuhamia. Utaitambua kwa kuangalia AAAA inayorudi, haianzi na 64:ff9b, na ukiipigia curl haijibu, wakati ile ya kukokotoa kutoka kwenye A inajibu.

Dalili: saiti inaanza kufunguka alafu inakwama

Ping inajibu, muunganisho wa TCP unakubali, wakati mwingine hata kichwa cha ukurasa kinatokea, alafu kimya. Hii ni MTU, yaani saizi ya pakiti kubwa kuliko zote inayoweza kupita kwenye njia, na ndo maana nilisema ulishike lile neno "ndogo".

Kichwa cha pakiti ya IPv4 ni baiti 20, cha IPv6 ni baiti 40. Kila pakiti inayotoka upande wa IPv4 kuja kwa mtumiaji inanenepa baiti 20 ikipita NAT64. Kwenye mtandao wa kawaida wa 1500 pande zote hili halileti shida kwa TCP, kwa sababu kifaa cha IPv6 kinatangaza kwamba kinapokea data baiti 1440 kwa mkupuo, seva inatuma 1440 pamoja na vichwa vya IPv4 na TCP inakuwa 1480, inatafsiriwa inakuwa 1500 kamili. Inaenea. Shida inaanza pale ambapo kati ya NAT64 na mtumiaji kuna njia nyembamba, mfano mzuri ni WireGuard ambayo kawaida inakuwa 1420. Kifaa kilichoko kwenye LAN nyuma yake hakijui, kinaona kebo yake ni 1500 kinatangaza 1440, seva inatuma, pakiti ya 1500 inafika mlangoni pa VPN haipiti.

Ruta inarudisha ujumbe wa ICMPv6 kusema pakiti ni kubwa mno, mwisho ni 1420. Ujumbe unafika NAT64, inautafsiri kuwa ICMP ya IPv4 na inapunguza ile namba kuwa 1400, inautuma kwa seva. Kila mtu ametimiza wajibu wake, ila mbele ya seva kuna faiwoli inayotupa ICMP zote kwa jina la usalama, na seva inaendelea kurudia pakiti ileile kubwa mpaka inachoka. Pakiti ndogo za mwanzo zilipita, kubwa hazipiti, ndo kukwama unakokuona.

Hakikisha kwa `tcpdump` kwenye mashine ya NAT64 upande wa IPv6, utaona pakiti zilezile za seva zinarudia na ICMPv6 za "packet too big" zikirudi. Dawa usiitafute kwa seva ya watu, iweke kwako. Njia safi ni matangazo ya ruta kwenye ile LAN yabebe MTU ya 1420, hapo vifaa vyenyewe vitatangaza 1360 na seva haitatuma kikubwa. Kama huwezi, ruta yenye VPN ikate ile namba wakati muunganisho unaanza:

```
ip6tables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN \
  -j TCPMSS --set-mss 1360
```

Hii inagusa TCP tu, trafiki ya UDP haiisikii, kwa hiyo ya matangazo ya ruta ndo naipenda zaidi. Na kwako usizuie ICMPv6, tafadhali sana. IPv6 haikati pakiti njiani kama IPv4, bila ujumbe ule hakuna anayejua saizi ya njia.

Dalili: asubuhi safi, watu wakijaa inaharibika

Miunganisho mipya inagoma, iliyopo inaendelea, ukisubiri kidogo inakubali, alafu inagoma tena. Fikiria poti kwanza. Jool ukiiacha bila kuiwekea `pool4`, yaani orodha ya anwani na poti za IPv4 inazoruhusiwa kutumia, inatumia anwani ya mashine yenyewe na poti 61001 mpaka 65535 tu, yaani 4535 kwa TCP na idadi hiyohiyo kwa UDP. Na kila soketi ya kila kifaa inachukua poti moja. Muunganisho wa TCP uliokaa kimya unashikilia poti yake kwa saa 2 hivi kabla haujafutwa, UDP dakika 5. Simu zenye aplikesheni zinazoacha miunganisho wazi kimya kimya zinazimaliza 4535 bila hata kuwa nyingi sana. Hesabu zilizotumika:

```
jool -i "default" bib display --tcp --csv --no-headers | wc -l
```

Ikikaribia 4500 umeshapata jibu. Ongeza masafa, lakini Linux yenyewe inatumia 32768 mpaka 60999 kwa miunganisho yake, hapo usiguse. Na ukishaweka `pool4` yako ile ya mwanzo haitumiki tena, kwa hiyo unaziandika zote, na unarudia kwa `--udp` na `--icmp`, ukisahau hizo ping na UDP zitakufa palepale:

```
jool -i "default" pool4 add --tcp 203.0.113.5 10000-32767
jool -i "default" pool4 add --tcp 203.0.113.5 61001-65535
```

Kwa mtandao mkubwa ni bora NAT64 iwe na anwani yake ya IPv4 isiyotumiwa na kitu kingine.

Dalili: brauza inafungua kila kitu, aplikesheni moja haiunganishi

Hii mara nyingi DNS haihusiki kabisa. Aplikesheni ina anwani ya IPv4 imeandikwa ndani yake, au inapewa na seva yake anwani kama namba, au inafungua soketi ya IPv4 tu bila kuuliza. DNS64 inafanya kazi kwenye majina peke yake, pasipo na jina haina cha kutengeneza. Kwenye Linux utaitambua haraka kwa sababu haikawii, inarudisha "Network is unreachable" papohapo, ukiangalia kwa `strace` utaona `connect` ikienda kwenye anwani ya IPv4. Ya kukwama kwa sekunde nyingi ni tatizo lingine.

Hapo unahitaji CLAT ndani ya kifaa, ile sehemu ya 464XLAT inayoipa aplikesheni anwani ya IPv4 ya bandia, inageuza pakiti kuwa IPv6, na NAT64 yako inazirudisha kuwa IPv4. Android inayo tangu toleo 4.3, na ikifanya kazi utaona kwenye simu kiolesura chenye jina linaloanza na `v4-` chenye anwani kama 192.0.0.4. Apple walichukua njia ya kuwabana waandishi wa aplikesheni, kuanzia Juni 2016 aplikesheni isiyofanya kazi kwenye IPv6 tupu haipiti kwenye duka lao, kwa hiyo kwenye iPhone malalamiko haya ni machache. Kama Android haijaiwasha CLAT, rudi kwenye prifiksi, maana simu inaijua ama kwa kuuliza ipv4only.arpa ama kwa kuisoma kwenye matangazo ya ruta kama RFC 8781 ya 2020 inavyoelekeza. Ukiitangaza kwenye ruta, hata simu yenye DNS binafsi ambayo haioni DNS64 yako inaijua prifiksi, CLAT inawaka, na zile rekodi za A zinazorudi kutoka kwenye risolva ya nje zinatumika kama zilivyo.

Kwa kompyuta ambazo hazina CLAT ndani yake, kwenye Linux unaweza kuiweka mwenyewe, `clatd` ikishirikiana na TAYGA inafanya hiyo kazi. Ila kama ni aplikesheni moja tu na unawajua walioiandika, waambie waache kuandika anwani za namba, watumie jina.